Kutoka Bagamoyo hadi Pongwe: kuyapanga upya maelekezo ya mjomba

*"Shikamoo mwalimu. Binti yangu amepata leseni mwezi uliopita, na Jumamosi ya wiki ijayo atatuendesha kutoka Bagamoyo hadi kwa kaka yangu, karibu na Pongwe, Tanga. Mimi si dereva, nitakaa naye mbele. Kaka ametuma maelekezo haya: 'Shika barabara ya Msata usiingie ya Mlandizi nenda nayo mpaka mwisho kisha shika ya Segera, hapo trafiki ni wengi muwe makini, Segera msiende Korogwe shika ya Tanga utapita Hale utapita Muheza, Pongwe usisimame songa kidogo, pale alipokuwa anauza mzee wa madafu karibu na mwembe ingia kulia nenda kidogo ukipita msikiti kata kushoto nyumba ya tatu geti jeusi, ukifika Kange umeshapita.' Nimeyakata kwa namba nikapata hatua kumi na nne, lakini nikiyasoma napotea hata nikiwa nimekaa sebuleni. Niyapangeje?"*

Marahaba, mama. Kabla sijaandika jibu hili nilikuomba umuulize kaka yako maswali manne, nawe ukayarudisha majibu jioni ile ile, jambo ninalokushukuru kwalo, kwa maana bila majibu hayo ningeweza kukupangia sentensi lakini nisingeweza kukupangia safari. Maswali yenyewe nitayaeleza yatakapofika mahali pake.

Kaka yako anaijua njia vizuri, na karibu kila kitu kinachohitajika kimo katika ujumbe wake. Tatizo ni kwamba ameiandika kama mtu anayeiona barabara yote kwa pamoja kichwani mwake, ilhali binti yako ataiona kipande kwa kipande kupitia kioo cha mbele. Dereva aliye njiani huwa na swali moja tu kwa wakati mmoja: nifanye nini sasa, na nitajuaje kwamba nimefika pa kufanya hivyo? Katika ujumbe ule yamechanganyika mambo ya aina nne, yaani mahali pa kugeuka, vitu vya kupita tu, maonyo, na njia za kutoingia, na yote yamepewa uzito uleule. Ulipoyakata penye koma na kuyapa namba, "utapita Hale" ikawa hatua sawa na "ingia kulia", na ndiyo sababu ukapata hatua kumi na nne ambazo hazikusaidii. Namba peke yake haipangi kitu.

Kanuni ninayowafundisha wanafunzi wangu ni kwamba hatua ni mahali pa kuamua. Mahali ambapo dereva anaweza kukosea njia ndipo panapostahili namba, na mahali ambapo barabara inampeleka yenyewe hapastahili. Ukiusoma ujumbe wa kaka yako kwa jicho hilo utaona kwamba safari nzima, yenye zaidi ya kilomita 250, ina mahali patano tu pa kuamua: Makofia, ambapo barabara ya Mlandizi inatoka; Msata, ambapo barabara yenu inaishia; Segera, ambapo njia za Korogwe na Tanga zinaachana; mchepuko ulio baada ya Pongwe; na kona ya msikitini. Matatu kati ya hayo yako kwenye lami kubwa yenye vibao, na mawili ya mwisho yako katika kilomita mbili na nusu za mwisho, ambako hakuna kibao chochote. Huko ndiko watu hupotea, na huko ndiko maelekezo ya kaka yako yalikuwa hafifu kuliko kote.

Hale na Muheza hatuzitupi. Zinabadilishiwa kazi tu, zinakuwa mashahidi. Shahidi ni kitu unachokiona baada ya kuamua, kinachokuambia kwamba uliamua sawasawa. Mkigeuka kulia pale Segera kisha mkafika Hale muda mfupi baadaye, binti ataacha kujiuliza, kwa sababu Hale iko kwenye barabara ya Tanga na haiko kwenye barabara ya Korogwe. Vivyo hivyo, mkivuka daraja la Mto Ruvu baada ya Makofia mnajua kwamba hamkuingia barabara ya Mlandizi, kwani barabara hiyo inashuka kusini bila kuuvuka mto. Dereva mpya anahitaji shahidi kuliko dereva mzoefu, kwa sababu mzoefu akipata shaka huendelea kuendesha huku akifikiri, lakini mpya akipata shaka hupunguza mwendo ghafla, huanza kuangalia vibao vya maduka, na husahau kioo cha nyuma wakati kuna lori la saruji linalomfuata.

Pamoja na shahidi wa kweli, andika pia shahidi wa upotevu, yaani kitu ambacho mkikiona mmekosea. Mkigeuka kushoto Msata badala ya kulia mtafika Lugoba, ambayo iko upande wa Chalinze. Andika "Mkiona Lugoba, mmepotea", na kosa hilo litawagharimu dakika chache badala ya kuwafikisha Chalinze. Kaka yako naye alijaribu kufanya hivyo aliposema kwamba mkifika Kange mmeshapita, na wazo lake ni zuri, ila stendi ya Kange iko mbali mno na mahali pa kugeukia. Mtakuwa mmekwenda kilomita kadhaa mkiwa na wasiwasi kabla ya kuiona. Shahidi wa upotevu anafaa kuwa karibu na kosa, na pasipo na jengo la kufaa, hata tarakimu ya kipima umbali inatosha, kama nitakavyoonyesha.

Sasa nije kwenye maswali manne. La kwanza lilikuwa hili: unaposema "kulia", unakuwa unatoka upande gani? Kaka yako alijibu kwamba yeye hurudi nyumbani jioni akitoka mjini Tanga. Ninyi mtakuja kutoka Muheza, upande wa pili kabisa, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwenu. Hakukosea, aliisimulia njia kama anavyoipita kila siku, na karibu kila mwenyeji hufanya hivyo bila kujua. Lakini angalieni jambo hili kwa makini: kosa hilo linahusu kona moja tu. Kona ya msikitini haibadiliki, kwa sababu mkishaiacha barabara kuu, ninyi na yeye mnaelekea upande mmoja, na kushoto kwake ni kushoto kwenu. Mtu akiambiwa kwamba maelekezo yana kulia na kushoto vilivyogeuka, huenda akazigeuza kona zote, naye atapotea vizuri zaidi kuliko aliyeziacha. Kila kona iulizwe peke yake, na kwenye karatasi usiandike "kushoto" bila kuandika "mkitokea" wapi.

Swali la pili lilikuwa: hapo pa kuingilia kuna kitu gani ambacho kitakuwapo Jumamosi hata kama hakuna mtu? Mzee wa madafu anaweza kuwa amehama, na neno "alipokuwa" linaonyesha kwamba amekwisha kuhama. Hiyo ni kumbukumbu ya kaka yako, na kumbukumbu haionekani kwenye kioo cha gari. Mwembe nao ni shida ya aina nyingine, kwa kuwa Tanga ni nchi ya miembe na katika kilomita mbili mtaipita mingi. Alama nzuri inapaswa kudumu, kuonekana ukiwa bado mbali, na isiwe na pacha wake karibu. Majibu yalikuwa mazuri: kuna mnara wa simu wa rangi nyekundu na nyeupe, uko kushoto kwa anayetoka Muheza, na njia ya vumbi inaingia mara tu baada ya mnara. Mnara ni alama ninayoipenda sana, kwa sababu unaonekana kabla hujafika, na dereva anapata nafasi ya kujiandaa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitakaa kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita kama mita 22 kila sekunde, na likiwa kwenye kilomita 50 hupita kama mita 14. Dereva mpya anahitaji kusikia elekezo, kulielewa, kuangalia kioo, kuwasha indiketa, kupunguza mwendo na kuingia. Ukimwambia "ni hapa" mkiwa mita 30 kutoka kwenye kona, umempa sekunde mbili tu kufanya yote hayo, naye ama atafunga breki kwa nguvu ama ataipita kona. Kwa hiyo kila hatua iandikwe katika mpangilio ambao dereva anauhitaji: kwanza umbali, ili ajue ni lini aanze kutazama, pili alama, ili ajue anatazama nini, tatu tendo, na mwisho shahidi. Kaka yako ameandika "ukipita msikiti kata kushoto", na hapo angalau alama imetangulia tendo. Mwenye kuandika "kata kushoto baada ya msikiti" anamfanya dereva aanze kukata kabla hajasikia neno msikiti.

Swali la tatu lilihusu neno "kidogo", ambalo limetokea mara mbili katika ujumbe ule. "Songa kidogo" ya mtu mwenye pikipiki inaweza kuwa kilomita mbili, na "kidogo" ya mtembea kwa miguu inaweza kuwa mita mia moja. Nilimwomba kaka yako apime. Alianzia kituo cha daladala cha Pongwe, akasoma kipima umbali cha pikipiki yake, akakuta kilomita 1.8 hadi mnarani, na kutoka barabara kuu hadi msikitini mita 600 hivi. Kazi hiyo haikumchukua nusu saa, na sasa "kidogo" mbili zimekuwa tarakimu mbili.

Watu wengi hudhani kwamba umbali usio sahihi kwa mita ni bora usiandikwe. Sivyo, kwa sababu umbali hauamui mahali pa kugeuka, alama ndiyo inayoamua. Umbali unakuambia tu wakati wa kuanza kuitafuta. Vipima umbali vya magari mawili havilingani kabisa, kwa kuwa ukubwa wa tairi, kuchakaa kwake na upepo uliomo hubadilisha hesabu. Tofauti ikiwa kilomita mbili katika kila mia, basi katika kilomita 64 mtakosea kwa kilomita moja na robo hivi, lakini katika kilomita 1.8 mtakosea kwa mita 36 tu, ambazo si kitu. Ndiyo maana tunakirudisha kipima umbali kwenye sifuri kila tunapoanza kipande kipya, ili kosa la kipande kimoja lisihamie kingine. Katika magari mengi kuna kitufe karibu na dira ya mwendo, na kwenye kioo cha dira hiyo hutokea neno `TRIP A`. Ukikibonyeza kwa sekunde chache tarakimu zinarudi 0.0. Binti afanye hivyo gari likiwa limesimama, au wewe ukifundishwa unaweza kukifikia kwa urahisi ufanye wewe. Tarakimu ya mwisho pale ni mita 100, kwa hiyo umbali ulio chini ya hapo usiuandike kwa mita. Andika "nyumba ya tatu" au "njia ya pili".

Swali la nne lilikuwa: tukishaingia tu, tutaona nini cha kwanza? Kaka yako alisema kuna kisima chenye pampu ya mkono upande wa kulia. Huyo ndiye shahidi wa kona ngumu kuliko zote, na katika ujumbe wa kwanza hakuwamo.

Baada ya majibu hayo, karatasi yenu inakuwa hivi. Iandike kwa herufi kubwa, kila hatua kwenye mistari yake, na acha nafasi katikati.

1. Mnapoanza barabara ya Msata, rudisheni `TRIP A` kwenye 0.0. Penye njia panda ya Makofia, barabara ya Mlandizi inatoka kushoto. Msiingie, bakini barabara ya Msata. Shahidi: mnavuka daraja la Mto Ruvu.

2. Kama kilomita 64: Msata. Anzeni kutazama kuanzia 60. Barabara inaishia kwenye barabara kuu. Simameni, kisha geukeni KULIA, kuelekea Segera. Rudisheni 0.0. Shahidi: daraja la Mto Wami. Mkiona Lugoba, mmepotea.

3. Kati ya kilomita 130 na 140: Segera. Mkipita Kabuku, anzeni kujiandaa. Mbele ni Korogwe na Moshi. Geukeni KULIA, kuelekea Tanga. Shahidi: Hale, halafu Muheza.

4. Zaidi ya kilomita 20 baada ya Muheza: Pongwe. Penye kituo cha daladala, egesheni nje ya barabara, rudisheni 0.0, msome hatua ya 5 na ya 6 kwa pamoja.

5. Kilomita 1.8: mnara wa simu mwekundu na mweupe, upande wa kushoto. Baada tu ya mnara, ingieni KUSHOTO, njia ya vumbi. Rudisheni 0.0. Shahidi: kisima chenye pampu, kulia. Kipima umbali kikifika 2.5 bila mnara, mmepita.

6. Mita 600: msikiti. Mkiupita tu, kateni KUSHOTO. Nyumba ya tatu, geti jeusi. Mkikwama, pigeni simu kwa mjomba mkiwa mmesimama.

Nilisema maamuzi ni matano, nawe unaona hatua sita. Hatua ya nne si njia panda, ni mahali pa kujiandaa, na nimeipa namba kwa makusudi kwa sababu inawataka mfanye jambo: kusimama. Zaidi ya hapo hatua ya 5 na ya 6 zinafuatana karibu mno kuweza kusomwa moja moja mkiwa mwendoni. Kanuni yangu ni kwamba hatua mbili zilizo ndani ya kilomita moja zisomwe pamoja kabla ya kuanza ya kwanza.

Umeona pia kwamba maneno "hapo trafiki ni wengi" hayamo. Onyo ambalo halibadilishi tendo lolote huzidisha wasiwasi tu. Binti yako anatakiwa kwenda kilomita 50 kwa saa penye makazi na vibao vya 50 vinapomwonyesha, trafiki awepo au asiwepo, na hilo halihitaji hatua kwenye karatasi ya njia. Onyo ambalo ningeliongeza kwa kalamu nyekundu ni moja tu, nalo ni la hatua ya 2. Kwa kuwa sisi tunaendesha upande wa kushoto, kugeuka kulia pale Msata kunamlazimu avuke upande wa magari yanayotoka kulia kwake kabla ya kujiunga na yanayotoka kushoto, na barabara ile ina mabasi na malori ya masafa marefu yanayokuja kwa kasi. Andika: "Hakuna haraka. Subiri pande zote mbili ziwe wazi." Anayepiga honi nyuma yake hajui kwamba leseni yake ina mwezi mmoja.

Karatasi hii isomwe na wewe, mama. Dereva asiishike wala isibandikwe kwenye usukani, maana kusoma mstari mmoja mkiwa kwenye kilomita 80 kunachukua sekunde tatu hivi, na katika sekunde hizo gari limekwenda mita 66 bila macho. Kazi yako ni kusoma hatua moja tu iliyo mbele na kunyamaza mpaka ikamilike. Kipima umbali kikikaribia, mkumbushe mara moja kabla, kwa mfano "mnara, kushoto, kama nusu kilomita", na mara ya pili mnapouona. Yeye arudie kwa sauti "mnara, kushoto". Kurudia huko kunakuhakikishia wewe kwamba amesikia kama ulivyosema, kwa sababu "kulia" na "kushoto" hupishana mdomoni hata kwa watu wazima, hasa anayesema akiwa ameonyesha kwa mkono upande mwingine. Wakati mnavuka Ruvu au mnapita Muheza unaweza kusema "shahidi huyo", na inatosha.

Wapo watakaokuambia kwamba haya yote ya nini, simu ina ramani na sauti. Sikatai ramani ya simu, na ningependa kaka yako awatumie alama ya mahali ilipo nyumba yake, kwa sababu katika mita 600 za mwisho itawafaa sana. Udhaifu wake kwa safari yenu ni kwamba simu huchagua njia kwa hesabu zake yenyewe, na kati ya Bagamoyo na Tanga ipo pia njia ya pwani inayopita Saadani na Pangani. Simu ikiwapeleka huko mtajikuta kwenye njia ambayo kaka yako hakuikusudia na ambayo karatasi yenu haina shahidi wake hata mmoja. Kama mtaitumia, usiiandikie "Pongwe" ukiwa Bagamoyo. Iandikie Msata kwanza, kisha Segera, kisha nyumbani, ili iifuate karatasi badala ya karatasi kuifuata simu. Mtandao ukikatika katikati ya Msata na Segera, mtakuwa bado mnajua kwamba mnatafuta Kabuku.

Kuuliza watu njiani nako kuna ufundi wake. Ukimuuliza mtu "Samahani, hii ndiyo njia ya Segera?" mara nyingi utajibiwa ndiyo, kwa sababu ya adabu au kwa sababu hakusikia vizuri. Uliza "Samahani, barabara hii inakwenda wapi?" ili yeye ndiye ataje jina la mji. Na mkigundua mmepita, msigeuze gari katikati ya barabara kuu. Endeleeni hadi kituo cha mafuta au njia ya pembeni, mwingie, mgeuzie huko, kisha mrudi. Kuipita kona kunawagharimu dakika tano. Kuirudia kwa pupa ndiko kunakoleta ajali.

Kuna mambo ambayo karatasi haiwezi kuyafanya, na nitayasema waziwazi. Haiwezi kumfundisha kulipita lori mlimani, wala kukadiria mwendo wa basi linalokuja. Kama tangu apate leseni binti yako ameendesha ndani ya Bagamoyo tu, basi kabla ya Jumamosi hiyo mtafute mwalimu wake au ndugu mwenye uzoefu akae naye waende Msata na kurudi, jumla kama kilomita 128, ili ile kona ya kulia aifanye mara ya kwanza akiwa na mtu anayejua kando yake. Akirudi akasema mikono ilikuwa inatetemeka, au alilazimika kufunga breki za ghafla zaidi ya mara moja, msimlazimishe safari ndefu. Apatikane dereva wa kuwafikisha Segera, na binti ashike kipande cha Segera hadi Pongwe. Na hata mambo yakienda vizuri, ondokeni mapema asubuhi, saa 12 na nusu au saa 1, na mpumzike Mkata, ambako mtakuwa karibu na katikati ya kipande kirefu kati ya Msata na Segera. Huku kwetu pwani jua huzama kati ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na mnara mwekundu na mweupe, kisima na msikiti niliokuandikia ni alama za mchana. Mkichelewa hadi giza liingie, msiitafute kona ile wenyewe. Simameni Pongwe penye kituo cha daladala, kaka yako aje awachukue.

Jambo la mwisho ni kurudi. Msiisome karatasi hii kutoka chini kwenda juu, kwa sababu haigeuki kwa namna hiyo. Mkitoka Tanga, pale Segera mtageuka kushoto, na aliyekuwa shahidi wa kweli, yaani Hale, atakuwa alama ya kujiandaa. Msata nako mtageuka kushoto, baada ya kuvuka Wami, na Lugoba itabaki na kazi yake ileile: mkiiona, mmeipita kona. Jumapili jioni kaa na kaka yako muiandike karatasi ya pili, yeye akiwa mbele yako na barabara bado ikiwa mbichi kichwani mwa binti, na kila mahali ambapo tarakimu zangu hazikulingana na kipima umbali chenu, andika zenu.